Kujibu oda ya hoteli: jinsi ya kushukuru na kuzungumzia muda wa malipo bila kujifunga

Kikundi cha akina mama wa Wete kinachotengeneza sabuni za mwani na mafuta ya nazi kilipokea oda ya manunuzi, ile tunayoizoea kwa jina la LPO, kutoka hoteli moja ya Paje. Vipande 1,200 kwa shilingi 3,500 kimoja, jumla shilingi 4,200,000, mzigo ufike tarehe 25 Februari. Katika profoma yao akina mama walikuwa wameandika kwamba malipo yafanyike ndani ya siku 14 baada ya kupokea mzigo. LPO ilirudi na vitu vyote sawasawa isipokuwa mstari mmoja wa chini: malipo siku 60.

Walikaa wakashauriana. Siku 60 hawaziwezi, ila siku 30 wanazimudu wakipata malipo ya awali. Katibu akaandika jibu hili, na nimeruhusiwa kulionyesha bila majina:

"Ahsanteni sana kwa oda yenu namba 118. Tumeipokea na tumeikubali kwa furaha. Tunaomba muda wa malipo uongezwe siku 30 na tunatarajia ushirikiano wenu."

Barua ina adabu na ni fupi. Hata hivyo mhasibu wa hoteli akiisoma anaweza kuielewa kwa namna tatu. Ya kwanza ni ile waliyoikusudia: kutoka siku 14 za profoma wafike siku 30. Ya pili, siku 30 ziongezwe juu ya 14, ziwe 44. Ya tatu ni mbaya zaidi. Mhasibu ana LPO mkononi, imeandikwa 60, na muuzaji mwenyewe anaomba ziongezwe 30. Zinakuwa siku 90. Mhasibu gani atakataa?

Chanzo cha mkanganyiko huu ninakiona katika barua nyingi zinazoletwa kwenye dawati letu la ushauri. Sampuli za barua zinazozunguka kwenye simu nyingi zimeandikwa upande wa mnunuzi. Mnunuzi ndiye anayedaiwa, kwa hiyo ndiye anayeomba kuongezewa muda. Muuzaji haombi muda wa malipo, anautoa. Akinakili sentensi ya mnunuzi anajikuta anaomba kitu ambacho ni chake kukitoa. Kwa hiyo barua ya muuzaji iseme wazi nani anampa nani, na itaje muda wa zamani na mpya pamoja: "Katika profoma yetu tuliandika siku 14. Tuko tayari kuwapa siku 30." Hapo hakuna wa kujumlisha.

Tatizo la pili limejificha ndani ya maneno "tumeikubali kwa furaha". Sheria ya mikataba tunayoitumia Zanzibar, sawa na ile ya Bara, ina asili yake katika sheria ya mikataba ya India ya 1872, na kanuni yake ni moja: ukubali ni lazima uwe kamili, usio na sharti. Ukiandika kwamba umeikubali oda, kisha chini yake ukaomba jambo jengine, una hatari ya kuonekana kuwa umekubali siku 60, na lile ombi limebaki ombi tu ambalo mwenzako anaweza kuliitikia au kulinyamazia. Ukiandika kwamba utakubali endapo masharti yatakuwa hivi na hivi, hapo hujakubali bado. Umeleta pendekezo lako mwenyewe, na sasa ni zamu ya hoteli kusema ndiyo au hapana.

Njia hii ya pili ina gharama yake na lazima ijulikane. Pendekezo lako likishatoka, lile la hoteli limekwisha. Hoteli ina haki ya kwenda kwa muuzaji mwengine, na huwezi kurudi kesho ukasema basi, nimekubali siku 60, ukadhani wamefungika. Hapa ndipo shukrani inapofanya kazi yake. Inamwambia mnunuzi kwamba biashara unaitaka na mlango uko wazi, bila kumpa neno la ukubali. Shukuru kwa oda, thibitisha kuwa imefika, taja unayokubaliana nayo: idadi, bei, tarehe ya mzigo. Kisha katika aya yake peke yake ulete suala la malipo. Shukrani na sharti vikichanganywa katika sentensi moja, msomaji hushika shukrani akaliacha sharti.

Sasa kwa nini siku 60 ziliwashinda? Wengi huhesabu kuanzia siku ya kupeleka mzigo, na hesabu hiyo ina pengo. Sabuni ya kuchanganywa baridi huhitaji kukaa kiasi cha wiki nne ikauke ndipo ifungwe. Ili mzigo ufike Paje tarehe 25 Februari, mafuta, kostiki soda na vifungashio vilitakiwa kununuliwa tarehe 20 Januari, kisha upite muda wa kukausha, kufunga, na safari ya meli ya Mkoani hadi Malindi. Hizo tayari ni siku 36 pesa iko nje. Ongeza 60, zinakuwa 96, na malipo yanaangukia tarehe 26 Aprili. Aprili ni masika. Wageni wamepungua, hoteli nyingi za pwani ya mashariki zinafunga kwa matengenezo, na watu wa uhasibu huenda wako likizo. Malipo ya siku 30 yanaangukia tarehe 27 Machi, kabla milango haijafungwa. Tofauti hiyo ina uzito kuliko idadi ya siku zenyewe, na ningependa kila anayeuza kwa hoteli aweke kalenda ya msimu mbele yake kabla ya kutaja namba yoyote.

Halafu siku zinahesabiwa tangu lini? Kuna hoteli huhesabu tangu tarehe ya ankara, nyengine tangu mwisho wa mwezi wa ankara, nyengine tangu siku ankara ilipogongwa muhuri wa kupokelewa na ofisi ya uhasibu. Mzigo wa tarehe 25 Februari ambao ankara yake imeingia uhasibuni tarehe 4 Machi, kwa siku hizo hizo 60, unalipwa tarehe 3 Mei badala ya 26 Aprili. Andika mwanzo wa hesabu, na kama tarehe ya mzigo inajulikana, andika pia tarehe yenyewe ya malipo.

Tulikaa na akina mama tukaiandika upya. Ikatoka hivi:

"Ndugu Meneja Manunuzi,

Assalaam alaikum. Tunawashukuru kwa oda yenu namba 118, tumeipokea. Tunathibitisha kuwa tunaweza kutengeneza vipande 1,200 kwa bei ya shilingi 3,500 kila kimoja, jumla shilingi 4,200,000, na kuvifikisha hotelini tarehe 25 Februari.

Kuhusu malipo, profoma yetu ilitaja siku 14 na oda yenu imetaja siku 60. Sabuni zetu hukaushwa wiki nne kabla ya kufungwa, hivyo gharama yote tunaibeba mapema. Tuko tayari kuwapa siku 30 kuanzia tarehe ya kupokea mzigo, yaani malipo yafanyike si zaidi ya tarehe 27 Machi, mkitutangulizia asilimia 40, shilingi 1,680,000, wakati wa kuthibitisha oda. Salio litakuwa shilingi 2,520,000.

Tutaanza kazi mara tutakapopokea oda iliyorekebishwa kwa masharti haya, au barua pepe ya kuyakubali kutoka kwenu. Ili tuiwahi tarehe ya mzigo, tunaomba jibu kabla ya tarehe 18 Januari."

Malipo ya awali hayakuchaguliwa kwa kubahatisha. Malighafi na vifungashio viligharimu shilingi 2,100,000, kwa hiyo asilimia 40 inaacha pengo la shilingi 420,000, ambalo kikundi kilikuwa nalo kwenye sanduku. Mwenye gharama tofauti atapata asilimia tofauti. Atazame risiti zake, asinakili ya mwenziwe.

Mtu atauliza kwa nini hatukuweka faini ya kuchelewesha malipo. Sampuli nyingi zinayo, asilimia fulani kwa kila mwezi. Wanachama hawa hawali riba, na ziada inayoongezeka juu ya deni kwa sababu ya kuchelewa ni riba. Badala yake wana haki ya kutopeleka mzigo unaofuata mpaka wa kwanza ulipwe. Kama hoteli inashikilia siku 60, wanaweza kutaja bei mbili tangu mwanzo, 3,500 kwa siku 30 na 3,650 kwa siku 60, hoteli ichague moja kabla ya kukubaliana. Wanazuoni wengi wanaruhusu bei ya mali kauli kuwa juu kuliko ya taslimu, ilimradi imekatwa bei moja wakati wa kuuziana na haibadiliki baadaye. Njia nyengine ni kuugawa mzigo: vipande 600 sasa, na 600 baada ya nusu ya kwanza kulipwa. Hii ninaipendelea kwa mteja mpya, kwa kuwa hata akichelewesha, kilichoko nje ni shilingi 2,100,000 na si 4,200,000.

Jibu likija, liangalie limetoka kwa nani. Mpishi mkuu au msimamizi wa vyumba akituma ujumbe wa WhatsApp, "sawa mama, leteni tu", huenda ana nia njema kabisa, lakini mhasibu halipi kwa ujumbe huo. Yeye anafungua LPO namba 118, na kama bado imeandikwa 60, atalipa siku ya 60. Mtu wa kuandika "tumekubali" ni yule aliyesaini LPO au aliye juu yake. Na kama jibu halijaja, usichanganye sabuni. Ukipeleka mzigo juu ya oda ya siku 60 ukiwa umenyamaziwa, kitendo chako cha kupeleka kinaweza kuchukuliwa kuwa ndiyo ukubali wako, barua yako nzuri ikabaki kwenye faili.

Siku ya kukabidhi mzigo, nenda na nakala mbili za hati ya kupokelea. Mtu wa stoo husaini haraka huku gari jengine linasubiri nje, na mara nyingi anaacha tarehe wazi. Umeandika katika barua kwamba siku 30 zinaanza siku ya kupokea, na hati hii ndiyo ushahidi wa siku hiyo. Mwombe aandike tarehe kwa mkono wake, namba ya oda, idadi aliyohesabu, na jina lake kwa herufi zinazosomeka. Nakala moja ibaki stoo. Ya pili ibane pamoja na ankara, uipeleke mwenyewe ofisi ya uhasibu siku hiyo hiyo, kabla hujarudi Malindi kupanda meli.