Kipa katoka mapema, mpira umegonga mwamba

"Kipa alishatoka kwenye mstari kabla penati haijapigwa, halafu mpira ukagonga mwamba. Mbona refa hakuamuru irudiwe?"

Kwa sababu refa hutazama kwanza mpira umeishia wapi. Ukiingia wavuni, ni bao. Kipa akiupangua ilhali ametoka mapema, penati inarudiwa. Ukigonga mwamba au kupita nje, hairudiwi mpaka iwe kipa amemvuruga mpigaji waziwazi.

Wanaobisha majukwaani Nangwanda Sijaona au Ilulu hawakuokota hoja hiyo hewani. Kombe la Dunia la Wanawake 2019, Wendie Renard wa Ufaransa aligonga mwamba dhidi ya Nigeria. Marudio ya video yakaonyesha kipa Chiamaka Nnadozie ametoka mapema, penati ikarudiwa, Renard akafunga na Ufaransa ikashinda 1-0. Kwa sheria ya wakati ule, sawa kabisa. Kuanzia msimu wa 2020/21 sheria ikabadilishwa: mpigaji akikosa mwenyewe, hatua ya kipa haimpi nafasi ya pili. Kwa hiyo mbishi anaijua sheria vizuri, ila ile iliyokwisha muda wake.

Na "kutoka" kwenyewe hupimwa kwa mguu, mpira unapopigwa. Kipa ni kama mtu aliye mlangoni: anaweza kuinamisha mwili wote uani, lakini kisigino kimoja kikiwa kizingitini, bado hajatoka. Sehemu ya mguu mmoja tu inatosha, iwe imegusa mstari, iko hewani sawa na mstari, au iko nyuma yake.

Tuseme straika anakimbilia mpira, macho chini, kipa akasogea nusu mita kwa miguu yote miwili. Shuti likagonga mwamba: mchezo unaendelea, ingawa mpigaji haruhusiwi kuugusa tena mpira kabla ya mchezaji mwingine. Sasa tuseme kipa alichomoka mita mbili, straika akainua kichwa, hatua zikamvurugika, akapiga nje. Hiyo inarudiwa. Kati ya hali hizo mbili ni maamuzi ya refa, na marefa wawili wanaweza kutofautiana kwa haki kabisa.

Wanaoingia mapema ndani ya kumi na nane nao, tangu 2024/25, hupimwa kwa athari. Mwenzake mpigaji akiwahi kuingia, kisha akafunga mpira uliorudi, bao linakataliwa na wapinzani wanapewa faulo isiyo ya moja kwa moja. Beki akiwahi kuingia na kuuondosha mpira huo mbele ya mshambuliaji aliyekuwa anataka kufunga, penati inarudiwa.

Penati ya ndani ya mchezo ikirudiwa, timu inaweza kumbadili mpigaji. Kipa, kwa kosa la kwanza, huonywa kwa mdomo tu. Akirudia, kadi ya njano.