Mchele mmoja, faida tatu: viwango vya uhasibu ni vya nini?

Kwa nini uhasibu una viwango vyake, na kwa nini kampuni yangu ndogo hapa Mombasa inaruhusiwa kufuata vilivyo rahisi kuliko vya kampuni zilizo kwenye soko la hisa?

Tuanzie Mwembe Tayari, kwa muuza mchele wa jumla. Januari alinunua magunia 100 kwa shilingi 5,000 kila moja. Machi bei ikapanda, akanunua mengine 100 kwa shilingi 6,000. Kufikia mwisho wa Juni ameuza magunia 100 kwa shilingi 6,500 kila moja, na 100 yamebaki stoo. Mauzo ni shilingi 650,000, hilo halina ubishi. Faida je?

Magunia yote yanafanana na yamerundikwa pamoja, kwa hiyo hakuna ajuaye lililotoka ni la Januari au la Machi. Akihesabu kwamba lililoingia mwanzo ndilo lililotoka mwanzo, mchele uliouzwa ulimgharimu 500,000 na faida ni 150,000. Akitumia wastani, kila gunia ni 5,500 na faida ni 100,000. Akihesabu kwamba lililoingia mwisho ndilo lililotoka mwanzo, gharama ni 600,000 na faida inabaki 50,000. Risiti ni zilezile na pesa mfukoni ni zilezile. Hakuna aliyedanganya, ila faida kubwa ni mara tatu ya ile ndogo.

Sasa mtu huyo huyo, akiwa hana anayemwongoza, atachagua ipi? Akienda benki kuomba mkopo ataonyesha 150,000. Siku ya kulipa kodi atakumbuka ile ya 50,000. Hapo ndipo viwango vinapoingia. Kazi yake kubwa ni kumwondolea mwenye hesabu uhuru wa kuchagua jibu kulingana na anayeuliza. Viwango vya kimataifa, vile vinavyojulikana kwa herufi IFRS, vinaruhusu njia mbili za mwanzo kwa bidhaa zinazofanana namna hii. Ile ya tatu vimeikataza, kwa sababu inaacha stoo ikihesabiwa kwa bei za zamani ambazo sokoni hazipo tena. Na ukishachagua njia moja, unaishikilia mwaka hadi mwaka. Ukiibadilisha, lazima useme umebadilisha, useme kwa nini, na urekebishe takwimu za mwaka uliopita ili msomaji aweze kulinganisha.

Usidhani hili ni tatizo la wauza mchele tu. Mwaka 1993 kampuni ya magari ya Daimler-Benz iliingia kwenye soko la hisa la New York, ikalazimika kutoa hesabu kwa kanuni za Marekani juu ya zile za Ujerumani. Kwa kanuni za Ujerumani, mwaka huo ilikuwa na faida ya maki milioni 615. Kwa kanuni za Marekani, mwaka uleule, hasara ya zaidi ya maki bilioni 1.8. Kampuni moja, viwanda vilevile, magari yaleyale. Kanuni za Ujerumani ziliruhusu kampuni kuweka akiba zisizoonekana miaka ya neema na kuzitumia kuziba pengo miaka ya dhiki. Mwenye hisa aliyekaa mbali hakuwa na namna ya kujua. Juhudi za kupata lugha moja ya hesabu duniani zilikuwa zimeanza London mwaka 1973, na bodi inayoandika viwango hivyo leo ilianza kazi mwaka 2001. Kenya haikusubiri: ilikuwa imeshavikubali viwango vya kimataifa tangu 1999.

Shida ni kwamba viwango hivyo vimeandikwa kwa kumfikiria mtu fulani, yaani mwenye hisa asiyejuana na wakurugenzi, asiyeweza kuingia ofisini kuuliza, na anayetaka leo hii kuamua anunue au auze. Mtu huyo anataka kujua kesho itakuwaje, na ili umjibu inabidi ukadirie mambo mengi. Viwango kamili vimejaa maelfu ya kurasa. Kampuni ya mume, mke na shemeji yao yenye godauni Shimanzi haina msomaji wa namna hiyo. Wasomaji wake ni wenyewe, meneja wa benki na KRA, na swali lao ni fupi: pesa zipo, na madeni ya miezi ijayo yatalipika?

Kwa ajili yao, Julai 2009, bodi ileile ilitoa kiwango kimoja kinachojitegemea, IFRS ya biashara ndogo na za kati, chenye kurasa kama 230. Kenya nayo ikakikubali. Ili uone tofauti ilivyo, tuingie kwenye hiyo godauni.

Kampuni imekodi godauni kwa miaka mitatu, pango shilingi 1,200,000 kwa mwaka, linalolipwa mwisho wa mwaka. Benki ingewakopesha kwa riba ya asilimia 12. Kwa kiwango chepesi hesabu inaisha kwa mstari mmoja: gharama ya pango ni 1,200,000 kila mwaka, na jumla ya miaka mitatu ni 3,600,000. Kwenye mizania, godauni halionekani kabisa.

Kwa viwango kamili, mkataba huo unatazamwa kama vile kampuni imenunua haki ya kutumia godauni kwa mkopo. Mhasibu anachukua malipo yote matatu na kuyapunguza kwa riba ya asilimia 12 ili apate thamani yake ya leo, ambayo ni kama 2,882,000. Siku ya kwanza kiasi hicho kinaingia kwenye mizania pande zote mbili: mali upande mmoja, deni upande wa pili. Mali inagawanywa kwa miaka mitatu, kila mwaka uchakavu wa kama 961,000. Deni linazaa riba, kubwa mwanzoni na ndogo mwishoni: mwaka wa kwanza kama 346,000, wa pili 243,000, wa tatu 129,000. Jumlisha uchakavu na riba, utapata gharama ya mwaka wa kwanza kuwa kama 1,307,000, wa pili 1,204,000 na wa tatu 1,089,000.

Jumlisha miaka yote mitatu: ni 3,600,000 tena. Kazi yote ile haikubadilisha hata shilingi moja ya gharama, imebadilisha tu iangukie mwaka gani, na imelifanya deni lionekane.

Je, ni kazi bure? Kwa kampuni ya soko la hisa, hapana. Fikiria kampuni mbili za malori zinazobeba makontena kutoka bandarini. Moja imenunua malori 40 kwa mkopo, nyingine imekodi 40 kwa miaka mitano. Zote mbili zimejifunga kulipa mamilioni, lakini kwa kanuni za zamani deni la ile ya pili halikuonekana kwenye mizania. Sir David Tweedie, aliyekuwa mwenyekiti wa bodi hiyo ya viwango, alikuwa akitania kwamba kabla hajafa angependa apande japo ndege moja iliyo kwenye mizania ya shirika la ndege. Kanuni mpya, iliyoanza Januari 2019, ndiyo iliyolimaliza jambo hilo, isipokuwa kwa mikataba ya miezi 12 au chini na kwa vitu vya thamani ndogo kama kompyuta. Lakini meneja wa benki aliyekuja kukagua godauni la Shimanzi anaomba nakala ya mkataba wa pango na kuusoma. Taarifa ile anayo tayari. Kumlipa mhasibu kuitengenezea hesabu za riba ni kununua kitu ambacho msomaji wako hakihitaji.

Toleo la tatu la kiwango chepesi, lililotolewa Februari 2025 na litakaloanza kutumika rasmi Januari 2027, limeuacha utaratibu huu wa pango vivyo hivyo.

Jina lake, hata hivyo, linapotosha watu. Neno “ndogo” humo halina kipimo cha mauzo wala idadi ya wafanyakazi. Swali ni kama unawajibika kwa umma, na lina sehemu mbili: je, hisa au hati zako za mkopo zinauzwa sokoni? Je, biashara yako hasa ni kushika pesa za watu wengi wa nje, kama benki au bima? Kampuni ya familia yenye malori 200, isiyouza hisa hadharani, inaweza kutumia kiwango chepesi. Chama cha akiba na mikopo kinachopokea amana za mamia ya wanachama kwa kawaida hakiwezi, hata kama ofisi yake ni chumba kimoja Likoni. Shule inayopokea karo mapema haihesabiwi humo, kwa kuwa kushika pesa za watu siyo biashara yake hasa.

Na wepesi nao una bei yake. Tuseme kampuni ileile inaamua kujijengea godauni lake kwa mkopo wa milioni 10, riba asilimia 14, na ujenzi unachukua mwaka mzima. Viwango kamili vinataka riba ile ya 1,400,000 iongezwe kwenye gharama ya jengo, kisha ipungue pole pole pamoja na jengo. Kiwango chepesi kinaiweka yote kwenye gharama za mwaka huo. Kampuni iliyokuwa na faida ya milioni moja inajikuta na hasara ya laki nne katika mwaka wa ujenzi, na kama mkataba wa mkopo una sharti la faida, simu ya benki itaita. Huwezi kuchota kanuni ya riba kule na ya pango huku. Anayetaka ile ya riba lazima abebe viwango kamili vyote, na pango lake pia.

Kuna wengine ambao wepesi hauwafai: kampuni tanzu ya kampuni ya soko la hisa. Kwa hesabu zake yenyewe inaruhusiwa kiwango chepesi, lakini mama yake atadai takwimu za viwango kamili ili aunganishe hesabu za kundi zima. Kampuni tanzu itaishia kuandaa vitabu viwili, na wengi huona heri kuandaa kimoja tu, kwa viwango kamili.

Ukitaka kujua hesabu ulizokabidhiwa zimefuata kipi, pita mizania uende kwenye maelezo ya mwanzo, penye msingi wa maandalizi. Lazima pawe na sentensi inayotaja kiwango kwa jina na kusema kimefuatwa chote, bila kubakiza. Ukikuta “viwango vinavyokubalika” bila jina, au pango limewekwa kwa njia nyepesi na riba ya ujenzi imepakiwa kwenye jengo, mrudishie mhasibu kabla benki haijakurudishia wewe.