Sikio limelala: hadithi ya usiku kutoka kwenye picha ya mdoli aliyechakaa

Mimi ni mwalimu wa chekechea na natunga vihadithi vya watoto wadogo, na kuna kazi moja naipenda kuliko zote: mzazi ananiletea mdoli aliyechoka kabisa, manyoya yameisha, pamba inachungulia, tunampiga picha, halafu tunatunga hadithi fupi ya kumlaza mtoto. Leo nawaeleza ya binti wa dada yangu, manake nilianza kwa kuharibu.

Binti ana miaka miwili na miezi miwili. Mdoli wake ni sungura wa mtumba, ila anaitwa Kuku, usiniulize kwa nini, alimpa jina mwenyewe na hataki mjadala. Sikio la kushoto limebaki bapa kama kitambaa cha jikoni kwa sababu analinyonya akisinzia. Pua imepauka. Tumboni ana kiraka cha kanga, na jicho moja lilishang'oka zamani.

Mimi fundi nikaliona jicho nikasema hapa pana stori! Nikatunga Kuku kapoteza jicho sokoni, anauliza kwa muuza nyanya, anauliza kwa konda, mwisho analipata. Nikaona nimeua. Usiku dada kasoma, kufika ukurasa wa tatu mtoto kamnyakua Kuku anampapasa uso, "jicho wapi? jicho wapi?", usingizi ukaruka mpaka saa tano. Na kosa ni langu. Mtoto wa umri huo hasubiri mwisho mzuri, yeye kaambiwa kitu cha mwenzie kimepotea, basi kimepotea, na yeye anatakiwa afumbe macho gizani. Kwahiyo kupotea, kutupwa, kuumia, kuachwa kwenye daladala, hivyo vyote viwekeni mchana na kwa mtoto mkubwa zaidi.

Ndo nikarudi kwenye zile picha upya, nikijiuliza swali tofauti: kati ya hizi sehemu zilizochakaa, ipi imechakaa kwa sababu ya usingizi? Sikio! Linachakaa kila usiku, kidogo kidogo, mtoto mwenyewe ndo anayelichakaza. Halafu Kiswahili kikanipa zawadi ya bure, sikio lililonyong'onyea si tunasema limelala? Na mtoto naye tunataka alale. Neno moja linashika vyote viwili, nikajua hadithi imepatikana. Hii hapa yote, kila mstari na picha yake:

Huyu ni Kuku.
Sikio hili limesimama. Sikio hili limelala.
Kuku kanywa uji. Sikio limelala.
Kuku kaoga, chubwi chubwi. Sikio limelala.
Taa imezimwa. Sikio limelala.
Pua nayo imelala.
Tumbo nalo limelala.
Na Kuku… kalala.

Imeisha. Mistari minane, picha nane, ukisoma polepole haimalizi dakika mbili. Angalia kazi inavyopungua: mwanzoni kuna uji na maji, vitu vya kufanya, halafu taa inazimwa na baada ya hapo hakuna tena tukio, ni viungo tu vinalala kimoja kimoja. Sauti nayo ishuke hivyohivyo, mstari wa mwisho uwe pumzi tu. Na paukwa pakawa msianze nayo usiku jamani, ile ni ya kuamsha watu, mtoto atajibu kwa kelele na mmeshamchangamsha. Sisi tunaonesha picha ya kwanza tunanong'ona "huyu nani?", anajibu "Kuku", tunaendelea.

Sasa picha. Wengine wananiambia si nitafute tu picha nzuri ya sungura mtandaoni. Hapana. Kuna utafiti wa Bruce Hood na Paul Bloom wa mwaka 2008, watoto wa miaka 3 hadi 6 walioneshwa mashine ya mchezo iliyodaiwa kutoa kopi ya kitu chochote, na wale wenye mdoli wao wa kulala naye wengi hawakutaka kabisa kubaki na kopi, walitaka yuleyule wao. Kwahiyo picha iwe ya yuleyule, na kovu zake.

Usimfue kabla ya kumpiga picha. Daktari Winnicott wa Uingereza, aliyeandika sana kuhusu hivi vitu vya watoto kwenye miaka ya 1950, alieleza kwamba mama huwa anakiacha kichafu na kinuke kwa sababu anajua akikifua anakata mwendelezo, mtoto anaona kama si chenyewe. Na kwenye picha ni hivyohivyo, ukifua manyoya yanafura, lile sikio bapa unalitafuta hulioni.

Piga karibu na dirisha au mlangoni asubuhi, kivulini, flashi zima. Flashi inapiga kwa mbele inafuta mikunjo yote, na mikunjo ndo stori yenyewe, mwanga wa pembeni ndo unaoionesha. Lala chini sakafuni kamera iwe usawa wa macho ya mdoli, ukipiga kutoka juu anaonekana kama kitu kilichodondoka. Usisogee sana pia, simu ikiwa karibu pua inavimba, rudi nyuma hatua moja uvute kwa zumu kidogo. Filta za kulainisha ngozi toa, nilishaletewa dubu kalainishwa mpaka viraka vimeyeyuka, mtoto hakumtambua.

Picha ya taa kuzimwa msipige gizani kweli, itatoka chenga. Piga jioni dirishani, punguza mwanga kwenye simu.

Ukienda kusafisha picha, ukubwa wa sentimita 10 kwa 15 unatosha, na omba karatasi isiyong'aa kwa sababu inayong'aa inarudisha mwanga wa taa, mtoto anaona taa tu. Ukimtumia fundi kwa WhatsApp itume kama dokumenti, ukituma kawaida inabanwa na zile nyuzi za sikio zinageuka ukungu.

Chini ya mwaka na nusu hivi msijisumbue. Mtafiti Judy DeLoache na wenzake mwaka 1998 waliwapa watoto wa miezi 9 picha, wakawa wanazikwaruza na kujaribu kukishika kile kitu kutoka kwenye karatasi, wale wa miezi 19 ndo walikuwa wananyoosha kidole tu. Mdogo atakula karatasi lako.

Na macho, kabla ya yote vuta kila jicho na kila kifungo cha mdoli kwa nguvu. Kikicheza kitoe, shona jicho kwa uzi, kifungo kilicholegea na mtoto anayenyonya mdoli gizani ni hatari ya kukabwa. Kuku sasa hivi ana jicho la uzi mweusi, nimelishona mwenyewe, limekaa upande kidogo.

Utajuaje inafanya kazi? Yule binti siku ya nne alianza kuwahi neno, dada akisema "sikio", yeye "limelala", na mkono unalitafuta sikio lenyewe. Baba yake alijaribu kubadilisha uji ukawa chai akasahihishwa palepale, hatakiwi kubadilisha.

Tatizo tulilonalo sasa ni sikio la pili. Ameanza kulinyonya nalo, limeshainama nusu, mstari wa pili unaelekea kuwa uongo. Shemeji anataka kulitia waya lisimame, nimemwambia aache, Jumamosi nakuja na simu.