Kwa nini taarifa iliyopokelewa vizuri haimwondolei meneja mpya hofu

Katika ushauri nasaha ninaoutoa hapa Tabora, aghalabu hunijia mtu aliyeajiriwa katika nafasi kubwa kuliko alizowahi kushika, naye anaamini kwamba siku moja watu watagundua kuwa hastahili. Mwaka 1978 wanasaikolojia wa Marekani, Pauline Clance na Suzanne Imes, waliieleza hali hii baada ya kuwachunguza wanawake zaidi ya 150 waliofanya vizuri masomoni na kazini, lakini wakajiona kana kwamba wamewahadaa wanaowasifu. Haimo katika orodha ya magonjwa ya akili, ingawa huweza kuambatana na sonona au wasiwasi uliozidi.

Wengi hudhani kwamba mafanikio yataimaliza hofu hiyo. Dada mmoja, ambaye nimebadilisha yanayomtambulisha, alikuwa karani wa hesabu kwa miaka mitatu kabla ya kuajiriwa kuwa meneja wa chama cha ushirika cha wakulima wa tumbaku. Kila mwezi, kabla ya kikao cha bodi, alikesha akijumlisha upya mizani na malipo ya wakulima mara tano, na taarifa ikapita bila swali. Nilipomuuliza hilo linamwambia nini, alijibu: "Imepita kwa sababu nilikesha."

Jibu hilo ndilo fundo lenyewe. Maadamu sifa zote zinakwenda kwa mkesha, yeye mwenyewe habakiwi na sifa yoyote, na kwa kuwa hajawahi kupeleka taarifa bila kukesha, hana njia ya kujua kama mkesha ulihitajika. Anayeahirisha kazi hadi dakika ya mwisho hunaswa vivyo hivyo, ila yeye husema ni bahati.

Kabla ya kugusa mkesha, tulitenganisha hisia na pengo la kweli, maana lilikuwapo: hakuwahi kusoma mkataba wa mkopo wa pembejeo, na hilo haliponywi kwa maneno ya kumtia moyo. Alimwendea afisa ushirika wa wilaya, wakaupitia kifungu kwa kifungu. Kujumlisha, kwa upande mwingine, alikujua vizuri tangu ukarani.

Ndipo tukakubaliana kwamba mwezi uliofuata angehakiki hesabu mara mbili tu, na kabla ya kikao aandike daftarini anachotarajia kitokee, kwa sababu kumbukumbu hujirekebisha baadaye ili ilingane na hofu. Aliandika: "Wataona kosa, na watauliza nani aliniajiri."

Kosa lilionekana kweli. Mjumbe mmoja aligundua kilo za mkulima mmoja zimeandikwa mara mbili, dada akasahihisha palepale, kikao kikaendelea na ajenda ya usafirishaji. Chini ya utabiri wake aliandika: "Kosa, ndiyo. La kuajiriwa, hakuna aliyeuliza."