Mteja amekutumia picha amependeza na nguo yako? Usiiposti kabla hujamuuliza

Kwenye kitengo chetu cha elimu kwa umma hili swali tunaulizwa sana na mafundi cherehani, wasusi, watu wa keki na wa mapambo, "si amenitumia mwenyewe? si amenitagi mwenyewe?" Jibu ni kwamba kukutumia picha ni kukushukuru, na kukutagi ni kuwaonyesha marafiki zake, hakuna hata moja kati ya hayo inayosema chukua sura yangu ufanyie tangazo.

Kwa Kenya hii si mambo ya adabu peke yake. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, kifungu cha 37, inasema huwezi kutumia data ya mtu kibiashara bila yeye kukubali waziwazi (njia nyingine ni sheria yenyewe ikuruhusu na mtu awe ameelezwa hivyo wakati unachukua data yake, jambo ambalo fundi wa kawaida hana), na picha ya mtu anayetambulika ni data yake. Septemba 2023 Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data ilipiga Casa Vera Lounge ya Nairobi faini ya shilingi 1,850,000 kwa kuweka picha ya mteja kwenye mitandao bila ruhusa yake, na siku hizohizo shule moja ya Uthiru ikapigwa 4,550,000 kwa picha za watoto bila ruhusa ya wazazi. Tanzania nao wana Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, imeanza kutumika 1 Mei 2023, na Tume yao inapokea malalamiko, kwa hivyo aliye Tanga asidhani hii ni ishu ya Wakenya tu.

Sasa tuchukue mfano mmoja tuufuate mpaka mwisho. Tuseme wewe ni fundi Kongowea, umeshona gauni la harusi, wiki mbili baadaye bibi harusi anakutumia kwa WhatsApp picha kali sana, yeye katikati, wasimamizi wake wawili pembeni na mtoto mmoja wa kubeba maua mbele. Chini ameandika "fundi Mungu akubariki, kila mtu aliniuliza nani ameshona". Unataka kuiweka Instagram na Facebook, halafu ikichangamka uibusti kwa pesa.

Ukiangalia vizuri hapo kuna watu watano wa kuwafikiria. Bibi harusi, wasimamizi wawili, mtoto, na mpiga picha ambaye haonekani kabisa. Ruhusa ya bibi harusi haiwabebi wale wengine. Wasimamizi wanaweza kuombwa kupitia yeye lakini jibu litoke kwao wenyewe. Mtoto, kifungu cha 33 kinataka mzazi au mlezi akubali, na sio shangazi aliyekuja naye harusini. Ukiona kuwatafuta wote ni kazi, kata picha abaki aliyekubali, au omba nyingine ambayo yuko peke yake, mimi ningefanya hivyo moja kwa moja kwa sababu gauni lako ndilo unauza, huyo mtoto hana kazi kwenye tangazo lako.

Mpiga picha ndiye watu wanamsahau. Kwa sheria ya hakimiliki ya Kenya, picha iliyoagizwa na kulipiwa hakimiliki yake inahesabika imehamia kwa aliyeagiza, isipokuwa wakiwa wamekubaliana vingine, na wapiga picha wengi wa harusi wana mkataba unaosema vingine. Kwa hivyo muulize bibi harusi mkataba wao ulisemaje au mwandikie mpiga picha mwenyewe. Na hata kama hakimiliki imehama, haki ya kutajwa kwamba ndiye aliyepiga inabaki kwake. Kama ni mgeni tu amepiga na simu yake bila kuagizwa, picha ni ya huyo mgeni. Na usikate ile alama yake ya pembeni eti inaharibu mpangilio, hapo ndio ugomvi mwingi unaanzia.

Ombi lenyewe liwe fupi lakini liseme kila kitu: picha ipi, itawekwa wapi, kama italipiwa matangazo, jina litatajwa vipi, na kwamba anaweza kukataa. Mfano:

"Asalam alaykum dada, hongera tena kwa harusi. Naomba ruhusa yako kuweka picha hii (ile umesimama peke yako mlangoni) kwenye ukurasa wangu wa Instagram na Facebook kutangaza kazi yangu. Naweza pia kuilipia iwafikie watu wengi. Ungependa nikutagi, niandike jina la kwanza tu, au nisiweke jina kabisa? Pia ningependa kunukuu ule ujumbe wako, kama sawa. Ukiona hapana hakuna neno kabisa, na ukikubali leo ukabadilisha mawazo kesho niambie niitoe."

Angalia hapo ujumbe wake umeombewa ruhusa peke yake, maana sura ni kitu kimoja na maneno yake ni kingine. Akijibu na emoji ya moyo au akinyamaza hiyo sio ndiyo, uliza tena mara moja kwa upole kisha uache. Usiombe pia wakati nguo bado iko kwako na anaihitaji kesho, hapo atakubali kwa sababu amebanwa, na sheria inataka ruhusa iwe ya hiari. Akikubali piga skrinshoti yenye ombi lako, jibu lake na tarehe, uweke kwenye folda moja na picha, kwa sababu kifungu cha 32 cha ile Sheria ya Ulinzi wa Data kinasema mzigo wa kuthibitisha ruhusa ni wako wewe mwenye biashara.

Tukija kwenye maandishi ya kutaja watu, andika nani amefanya nini, usirundike tagi mwisho msomaji akisie. Tuseme amechagua jina la kwanza tu:

"Gauni: limeshonwa na sisi, Kongowea. Aliyevaa: Bi Salma. Picha: @jina_la_mpiga_picha. Imewekwa kwa ruhusa yao."

Hilo la ruhusa liandike tu kama kweli unayo. Wako wanaoandika "picha kwa hisani ya mwenyewe" kumbe mwenyewe hajui, na kumtaja mtu hakugeuki kuwa ruhusa. Jina la mpiga picha liandike kama anavyojiita kwenye kazi zake, liwe kwenye maandishi yenyewe sio kwenye kamenti ya kwanza ambayo itazama. Usiandike "Bi Salma anawashauri mje kwetu" kama hajasema hivyo, kukubali picha sio kukubali kuwa balozi wako. Ukumbi, tarehe ya harusi, mtaa anaokaa, ukubwa wa kiuno chake, hayo yote acha. Na asiyetaka jina, "mteja wetu" inatosha, na mwambie msaidizi wako asimtagi kwenye kamenti, hilo linatokea sana.

Akirudi baada ya miezi mitatu kusema itoe, ana haki hiyo wakati wowote na hahitaji kutoa sababu. Simamisha kwanza tangazo la kulipia, kisha futa posti, kisha angalia zile stori ulizozihifadhi juu ya ukurasa, katalogi ya WhatsApp Business, na bango kama ulichapisha. Watu hufuta posti moja wakasahau katalogi, mteja akiiona huko anakuwa na haki ya kukushtaki. Ukimaliza mwandikie umetoa wapi na wapi, na kama kuna ukurasa mwingine ulioirudia picha yako mwambie ukweli kwamba huko umeomba itolewe lakini sio wewe unayeushika.