Nguvu ya mota na uwiano wa gia: kwa nini mkono wa roboti hukwama begani

Servo ya MG996R, mota ndogo yenye gia inayogeuka hadi pembe unayoiamuru, ambayo wengi wetu huku Kisumu na Nakuru huanzia nayo, imeandikiwa nguvu ya kuzungusha ya kilo 11 kwa sentimita ikipewa volti 6. Maana yake ni kwamba ukiifunga wenzo wa sentimita moja, inaweza kukabiliana na uzito wa kilo 11 kwenye ncha ya wenzo huo. Wenzo ukiwa wa sentimita 10, kilo 11 zinashuka hadi kilo 1.1. Wenzo ukiwa wa sentimita 40, zinabaki gramu 275 tu, na bado hujahesabu uzito wa mkono wenyewe. Shika jembe kwenye ncha ya mpini na ulinyooshe mbele yako, utajua umbali unachofanya.

Kuna jambo la pili kwenye namba hiyo ambalo karatasi ya maelezo ya mota hailisemi kwa sauti. Kilo 11 ndicho kiwango ambacho mota inakwama. Ikifika hapo haizunguki tena, inavuta umeme wa takriban ampea 2.5, na karibu umeme huo wote unageuka joto ndani ya kijisanduku cha plastiki. Mota za umeme wa moja kwa moja hufuata mstari ulionyooka: bila mzigo zinakwenda kwa kasi yake yote, kwa nusu ya mzigo wa kukwama zinakwenda nusu ya kasi, na kwa robo tatu ya mzigo zimebaki na robo ya kasi. Ndiyo maana mimi huchukua theluthi moja ya namba iliyoandikwa kuwa ndiyo nguvu ya kazi. Servo ya kilo 11 ninaihesabu kama ya kilo tatu na nusu hivi, ya 25 kama ya nane.

Sasa tufanye hesabu ya mkono mmoja wa mezani. Kazi yake ni kuinua pakiti ya majani chai ya gramu 250 na kuipanga rafuni. Kutoka bega hadi kiwiko ni sentimita 18, kutoka kiwiko hadi kifundo ni 14, na kutoka kifundo hadi katikati ya pakiti ni 8. Jumla sentimita 40. Koleo la kushikia, pamoja na servo yake ndogo, lina gramu 80 na kitovu chake cha uzito kiko sentimita 5 kutoka kifundoni. Servo ya kifundo ina gramu 55, na ya kiwiko vilevile. Kipande cha mkono wa mbele kina gramu 60, cha mkono wa juu gramu 80.

Hesabu huanzia ncha na kurudi nyuma, na mkono huwekwa sawasawa na meza, kwa sababu hapo ndipo uzito unavuta zaidi. Ukiuinua mkono hadi digrii 60 juu ya usawa, mzigo kwenye bega unashuka hadi nusu. Kwa hiyo mkono unaoweza kunyooka mbele kwa usalama utaweza pembe nyingine zote.

Kifundo kina mizigo miwili tu. Pakiti ni kilo 0.25 mara sentimita 8, sawa na 2.0. Koleo ni 0.08 mara 5, sawa na 0.4. Jumla ni 2.4, na servo ya kilo 11 inaibeba bila kuhema.

Kwenye kiwiko kila kitu kinasogea mbali kwa sentimita 14. Pakiti sasa iko sentimita 22, inatoa 5.5. Koleo linatoa 1.5, servo ya kifundo 0.8, na kipande cha mkono chenye kitovu sentimita 7 kinatoa 0.4. Jumla ni 8.2. Hapa ndipo mwanafunzi huuliza, "Mwalimu, si karatasi inasema kumi na moja, na sisi tunahitaji nane tu?" Nane kwa kumi na moja ni robo tatu ya mzigo wa kukwama. Kiwiko kitasogea, lakini kwa robo ya kasi, kikivuta karibu ampea 2 mfululizo, na hakitakuwa na ziada ya kuanzia mwendo. Mchana wa Kisumu, chumba kikiwa na joto la nyuzi 30, servo hiyo itachoka haraka. Dawa ni servo ya kilo 25, ambayo uzito wake unakaribiana na ile ya 11, na hapo 8.2 inakuwa theluthi.

Mtu anaweza kufikiri aibakize ile ya 11 na kuongeza gia nje, meno 20 yakisukuma meno 60, ili nguvu iwe mara tatu. Nguvu itaongezeka kweli, lakini servo ya kawaida inazunguka digrii 180 pekee, na kiwiko kitabaki na digrii 60. Njia ya kukwepa hilo ni kukitoa kihisi cha pembe ndani ya servo na kukihamishia kwenye kiungo chenyewe, kazi ambayo kwangu haifai jasho lake kama servo kubwa inapatikana.

Bega ndilo lenye mambo. Pakiti iko sentimita 40 mbali, inatoa 10. Koleo linatoa 3, servo ya kifundo 1.8, mkono wa mbele 1.5, servo ya kiwiko 1, mkono wa juu 0.7. Jumla ni 18. Angalia mahali uzito unapotoka. Watu husoma kwamba mota ya kiwiko inafaa kuhamishiwa begani na kuvutwa kwa mshipi ili mkono uwe mwepesi, nao hutumia wiki nzima kujenga huo mshipi. Katika mkono huu wangeokoa 1 kati ya 18. Kupunguza koleo kutoka gramu 80 hadi 40 kunaokoa moja na nusu, na hiyo ni kazi ya msumeno na tundu chache za kuchimba.

Kwa bega nitachagua mota ya hatua ya NEMA 17, inayozunguka kwa hatua ndogondogo, aina ile iliyo kwenye printa za 3D. Za kawaida zinashikilia takriban kilo 4 kwa sentimita zikiwa zimesimama. Zikianza kuzunguka nguvu hupungua, kwa hiyo nahesabu nusu, yaani 2. Upande wa mzigo, 18 ni ya kushikilia tu. Kuuanzisha mwendo na kushinda msuguano kunahitaji ziada, nami huzidisha kwa moja na nusu, napata 27. Gia nazo hula sehemu ya nguvu. Hatua mbili za gia, kila moja ikipitisha asilimia 95, zinapitisha kama asilimia 90 kwa pamoja. Basi:

```
uwiano = 27 / (2 x 0.9) = 15
```

Mota izunguke mara 15 bega lizunguke mara moja. Meno 20 kwa 60 yanatoa 3, meno 20 kwa 100 yanatoa 5, na 3 mara 5 ni 15. Hatua ya kwanza ya gia inaweza kuwa ya mshipi mwembamba wa GT2 wenye upana wa milimita 6, kwa sababu hapo nguvu bado ni ndogo. Hatua ya mwisho, iliyo kwenye bega lenyewe, usiipe mshipi huo. Pulei ya meno 100 ya mshipi wa GT2 ina nusu kipenyo cha sentimita 3.2, na kutoa 27 juu yake kunauvuta mshipi kwa kilo 8 na nusu. Utaanza kuruka meno. Weka gia zenye meno mapana hapo.

Je, kwa nini tusiweke uwiano wa 60 tuwe na nguvu kupita kiasi? Kasi ndiyo inayolipa. Tukitaka bega liende digrii 60 kwa sekunde, hiyo ni mizunguko 10 kwa dakika. Kwa uwiano wa 15, mota inakwenda mizunguko 150 kwa dakika, ambayo ni hatua 500 kwa sekunde kwa mota yenye hatua 200 kwa mzunguko, na NEMA 17 inaiweza bila shida. Kwa uwiano wa 60 mota inadaiwa mizunguko 600, hatua 2,000 kwa sekunde. Kwenye kasi hiyo, hasa kwa umeme wa volti 12, nguvu yake inaweza kuwa imeshuka sana, na mkono unakwama kwa sababu ya gia zilizowekwa ili usikwame. Ukiridhika na bega la polepole, uwiano mkubwa unakubalika. Usipoamua kasi kwanza, namba ya gia haina msingi.

Jua kali ya Kibuye ina mota za waipa zilizotolewa kwenye magari chakavu, na wengi hunijia nazo. Zina nguvu nyingi, na ndani yake gia ya skrubu inayosukuma gurudumu la meno, ambayo kwa kawaida hairudi nyuma umeme ukikatika. Mota ya hatua yenye gia za 15 haina sifa hiyo: stima ikipotea, mkono unaanguka mezani. Kwa bega, lililo juu ya kitako kisichosogea, mota ya waipa ni chaguo zuri, ila itabidi uifungie kihisi cha pembe kwa sababu yenyewe haijui iko wapi. Kwenye kiwiko usiiweke kamwe. Ina takriban kilo moja, na kilo moja mara sentimita 18 ni 18 nyingine: umelizidishia bega mzigo mara mbili.

Kuna nafuu nyingine ya bei ya chini. Kipande cha tyubu ya pikipiki kilichofungwa kutoka nyuma ya kitako hadi mkono wa juu kinaweza kubeba nusu ya zile 18, nayo mota ikabaki na 9. Kisikaze hadi mkono mtupu uruke juu, maana mota italazimika kuuvuta chini badala ya kuuinua. Tyubu pia hulegea kadiri miezi inavyokwenda, hivyo acha tundu za ziada za kuifunga upya.

Kabla ya kuamini karatasi yoyote, pima. Funga kijiti cha sentimita 10 kwenye servo, ncha yake ikandamize mizani ya jikoni, uipe amri ya kushuka kwa sekunde moja tu na usome. Kilo 1.1 kwenye mizani ni 11 za kweli. Nakala za bei rahisi husoma chini ya hapo, na hesabu yako inapaswa kuanza na namba uliyoisoma wewe. Pima pia volti kwenye waya za servo wakati inasukuma. Ikishuka kutoka 6 hadi 4.5, tatizo ni waya nyembamba au chaja dhaifu, na gia mpya hazitalitatua.

Kila aina hukwama kwa namna yake. Servo iliyozidiwa hutetema mahali pamoja ikinguruma kidogo, haifiki pembe uliyoiamuru, na ndani ya dakika chache huwezi kuishika kwa vidole. Ubao wa udhibiti ukijiwasha upya kila mkono unapoinuka, servo zimeufyonzea umeme. Mota ya hatua haitetemi mahali pamoja. Hukwaruza kwa sauti, huruka hatua, kisha huendelea kama vile hakuna kilichotokea, huku programu ikiamini bega liko digrii 40 na macho yako yanaona 25. Chora alama ya kalamu kwenye kiungo, uinue na kuushusha mkono mara ishirini ukiwa na pakiti, kisha uurudishe mwanzo. Alama zisipokutana, ongeza muda wa kuanza mwendo kwanza kabla ya kugusa gia, kwa sababu mara nyingi kinachoishinda mota ni ile nusu sekunde ya kuondoka, wakati uzito wa kushikilia inauweza.