Kabla Hujajibu Barua Pepe ya Msambazaji wa Dawa

Mwenye famasi akipokea orodha ya bidhaa kutoka kwa msambazaji, macho hukimbilia bei. Ningependa aanze na tarehe ya mwisho wa matumizi, kisha arudi kwenye bei.

Tuseme barua pepe ya tarehe 2 Juni 2026 inasema: metformini 500 mg, boksi la vidonge 100, EXP 11/2026, bei 10,000, ukichukua boksi 40 unapata punguzo la asilimia 20, mkopo siku 30. Pakiti isiyotaja siku huhesabiwa hadi mwisho wa mwezi huo, yaani 30 Novemba. Lakini siku hiyo ni ya mgonjwa kumeza kidonge cha mwisho, si yako kuuza. Ukimpa mgonjwa wa kisukari dozi ya miezi 3, boksi la mwisho litoke rafuni kabla Agosti haijaisha. Hapo una miezi 3 ya kuuza, si 6.

Sasa fungua daftari la mauzo. Kama unauza boksi 8 kwa mwezi, miezi 3 ni boksi 24. Rafuni zimebaki 6 za EXP 10/2026, na hizo lazima zitangulie, kwa sababu inayoisha muda mapema ndiyo hutoka kwanza. Zinabaki boksi 18. Ukichukua 40 kwa bei ya 8,000, boksi 22 zitakulalia: ni shilingi 176,000, wakati punguzo kwenye zile 18 ulizouza limekuokolea 36,000 tu. Tena dawa iliyokwisha muda haitupwi jalalani. Hutengwa, huorodheshwa, na kuteketezwa chini ya usimamizi wa TMDA, mamlaka ya dawa ya Tanzania, kwa gharama yako.

Upande wa mkopo ndipo wengi hubanwa. Siku 30 kwa kawaida huhesabiwa tangu tarehe ya ankara, si siku mzigo ulipofika wala siku ulipouza. Ankara ikiwa ya 2 Juni, deni la 320,000 linaiva 2 Julai. Kufikia hapo umeuza boksi 8: sita za zamani na mbili tu za mzigo mpya. Karibu deni lote utalilipa kwa fedha za dawa nyingine, na ukichelewa, oda inayofuata huzuiwa hata kama ni ya dawa unayoihitaji leo.

Kwa hiyo jibu lako litaje idadi, tarehe na masharti kwa maandishi: "Boksi 16, EXP isiwe kabla ya 11/2026, nusu sasa na nusu Julai, kila nusu na ankara yake. Je, zisipouzwa mnazipokea, na taarifa itolewe miezi mingapi kabla?"

Neno "inapatikana" kwenye orodha ya msambazaji halikuhifadhii mzigo wala bechi. Ghala likiishiwa bechi ya kwenye orodha, unaweza kuletewa nyingine yenye muda mfupi zaidi. Mzigo ukifika, linganisha namba ya bechi na EXP kwenye boksi na ankara kabla ya kusaini. Zikitofautiana, andika kasoro hiyo kwenye nakala zote mbili dereva akiwa bado mlangoni.